Kutangaza ndege iliyochelewa: kutoka Kiingereza cha skrini hadi Kiswahili cha masikioni

Msomaji wa gazeti akikwama kwenye sentensi anarudi juu. Aliyekaa kwenye ukumbi wa kuondokea pale Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, mtoto wa jirani akilia na magurudumu ya mabegi yakikwaruza sakafu, hana pa kurudi. Tangazo likimpita limempita. Ndiyo maana tangazo la Kiingereza likigeuzwa neno kwa neno hutoka Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, na bado watu huinuka kwenda kaunta kuuliza, "Amesemaje?"

Mwongozo huu unahusu tangazo moja, la ndege iliyochelewa, pamoja na matangazo ya kuingia ndegeni yanayolifuata. Nimelichagua kwa sababu ndilo linaloumiza likikosewa. Mtu wa Likoni akielewa kwamba ana saa sita za kungoja, atavuka feri arudi nyumbani. Mwingine akielewa kwamba safari haipo tena, atachukua tuktuk hadi Miritini kutafuta nafasi kwenye treni ya Nairobi. Wote wawili wamefanya uamuzi wa busara kwa habari waliyoisikia.

Anza na karatasi, usianze na sentensi

Kabla ya kutafsiri chochote, toa mambo yenyewe nje ya Kiingereza na uyaandike peke yake. Tuchukue mfano niliouunda ili tufanye nao kazi hadi mwisho. Kwenye skrini kuna mstari huu:

```
XY 417   NBO   STD 14:35   ETD 16:10   GATE 2   DELAYED
```

STD ni saa iliyopangwa ndege iondoke, ETD ni saa inayokadiriwa sasa. NBO ni Nairobi, kama vile sisi tulivyo MBA. Karatasi ya Kiingereza iliyoletwa na msimamizi inaongeza kwamba ndege itakayotumika imechelewa kufika kutoka Nairobi, kwamba abiria wataanza kuingia saa 15:30, na kwamba wanaombwa wabaki ukumbini.

Hayo ndiyo mambo yote. Abiria gani, kimetokea nini, wafanye nini, wapi, saa ngapi. Ukiona jambo mojawapo halimo kwenye karatasi, rudi kwa msimamizi uulize kabla hujashika maiki. Linalokosekana mara nyingi ni saa ya kuanza kuingia. Karatasi inataja saa ya kuondoka tu, na abiria akisikia ndege inaondoka saa kumi na dakika kumi, atapanga kufika mlangoni saa kumi na dakika kumi, wakati mlango hufungwa kabla ya hapo. Usijitungie saa hiyo kwa kukisia, kwa kuwa kila shirika lina utaratibu wake.

Saa ndiyo kazi yenyewe

Skrini inahesabu kutoka usiku wa manane. Sisi tunahesabu kutoka kucha na kuchwa. Kila mtu anajua hivyo, lakini mtu anayegeuza tangazo akiwa na haraka, macho yakiwa kwenye 16:10, hujikuta akisema "saa nne na dakika kumi" au, vibaya zaidi, "saa kumi na sita", saa ambayo haipo kwenye saa yoyote ya Kiswahili. Kwa hiyo saa igeuzwe kwa kalamu kwanza, kabla ya sentensi nyingine yoyote. Hesabu ni hii:

```
07:00 – 18:59   toa 6
19:00 – 23:59   toa 18
00:00 – 06:59   ongeza 6
```

14:35 inakuwa saa nane na dakika thelathini na tano mchana. 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri. 16:10 ni saa kumi na dakika kumi jioni. Njia ya haraka ya kujikagua ni kufikiria uso wa saa ya ukutani: saa ya Kiswahili hukaa upande wa pili, mkabala kabisa na ile ya Kiingereza. Nne inatazamana na kumi, mbili inatazamana na nane, tatu inatazamana na tisa. Tangazo likisomwa kwa lugha zote mbili na namba ya saa ikasikika ileile, mmoja kati ya wasomaji amekosea.

Kuna mtego mwingine ambao watu wa ofisi ya uendeshaji wanaujua na mtangazaji mgeni haujui. Ujumbe wa marubani na wa ofisi za safari haufuati saa za hapa, unafuata saa ya dunia, ile wanayoiita Zulu, nayo huandikwa na herufi Z mwishoni. Kenya iko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo karatasi ikikufikia na 1310Z badala ya 16:10, usiigeuze kama 13:10 ukatangaza "saa saba na dakika kumi mchana". Ongeza tatu kwanza, upate 16:10, kisha toa sita. Ukipenda njia ya mkato, saa ya Zulu ukiitoa tatu unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja: kumi na tatu toa tatu ni kumi. Njia hiyo inafanya kazi mchana, lakini usiku jibu likizidi kumi na mbili toa kumi na mbili, na likiwa sifuri au chini yake ongeza kumi na mbili. Mimi ningependelea hatua mbili kila siku, hata kama ni ndefu, kwa sababu hatua ya kati ndiyo saa iliyo kwenye skrini na unaweza kuilinganisha nayo.

Ukishapata saa, amua namna ya kuitamka. Hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi: usitumie "kasoro" kwenye kipaza sauti. Mitaani "saa kumi na moja kasoro dakika kumi" ni Kiswahili kitamu na kila mtu anakitumia. Lakini ukumbini sauti hukatika, na watu wengi husikia saa tu, mkia ukapotea. Aliyesikia "saa kumi na moja" peke yake atachelewa kwa dakika kumi. Ukisema "saa kumi na dakika hamsini" na mkia ukapotea, aliyesikia "saa kumi" atafika mapema, akae, anung'unike kidogo, lakini ndege hatakosa. Kwa abiria, kosa la kuwahi ni dogo kuliko kosa la kuchelewa. "Na nusu" haina shida, ni fupi na inasikika. "Na robo" pia. "Kasorobo" iache nyumbani.

Halafu sehemu ya siku isiachwe kamwe. "Saa kumi na mbili na dakika kumi" bila "asubuhi" au "jioni" ni saa mbili tofauti, na watu wa safari za alfajiri wanalijua hilo vizuri. Sehemu ya siku pia inaokoa namba zinazofanana masikioni. Nne na nane zikipita kwenye spika yenye mwangwi ni karibu kitu kimoja, na tatu na tano vilevile. "Saa nne asubuhi" na "saa nane mchana" hazichanganyiki, hata namba yenyewe ikimezwa. Wapo wanaopenda kutaja sala kwa kuwa ndivyo watu wa hapa wanavyopanga siku, "baada ya alasiri", "kabla ya magharibi". Kwenye mazungumzo ni sawa, kwenye tangazo hapana, kwa sababu wakati wa sala husogea mwaka mzima na abiria nusu ya ukumbi hawaufuati. Lakini ukitaja saa kamili na mapema, anayetaka kuswali atajua mwenyewe kama ana nafasi.

Kuchelewa, kuahirishwa, kufutwa

Neno DELAYED kwenye skrini halisemi kama ndege ilishachelewa au itachelewa. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Saa saba na dakika hamsini mchana, wakati saa nane na dakika thelathini na tano haijafika bado, sema "itachelewa kuondoka". Ukisema "imechelewa", abiria anajiuliza kama saa yake iko nyuma. Saa iliyopangwa ikishapita ndipo "imechelewa kuondoka" inakaa mahali pake.

"Imeahirishwa" ni neno la magazetini na ni neno zuri, ila ukumbini halimwambii mtu akae au aende zake. Mikutano huahirishwa hadi mwezi ujao, kesi huahirishwa hadi tarehe nyingine. Abiria akilisikia anadhani safari si ya leo tena. Kama ndege itaondoka leo, tumia kuchelewa. Kama haitaondoka leo, lisemwe hilohilo waziwazi: "Ndege haitaondoka leo. Itaondoka kesho, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi." Na kama safari haipo kabisa, "imefutwa", kisha papo hapo umwambie aende kaunta gani. Neno "imefutwa" likiachwa peke yake kwa sekunde chache, hutasikiwa tena, kwa kuwa ukumbi mzima utakuwa unaongea.

Sababu ya kuchelewa huandikwa kwa Kiingereza cha ofisi ambacho kimekusudiwa kutosema mengi. Ukikuta sababu "za kiutendaji", usijaribu kuipamba kuwa kitu kingine. Huna ruhusa ya kuibadilisha kuwa hitilafu ya injini wala mvua. Muulize msimamizi kama kuna jambo linaloweza kutajwa, na kama hakuna, iache sababu, utangaze saa. Tangazo lisilo na sababu linaudhi, lakini lenye sababu ya kubuni linarudi kumng'ata shirika kwenye kaunta. Kwenye mfano wetu sababu ipo na ni nyepesi, ndege itakayotumika haijafika. Kiingereza kinaiweka kama rundo la majina, kuchelewa kwa kuwasili kwa ndege inayoingia. Kwa Kiswahili weka kitenzi: "Ndege tutakayoitumia bado haijafika kutoka Nairobi." Anayesikia hivyo anaona picha mara hiyo, na hata akitazama dirishani hakuti ndege, anajua ni kweli.

Kulisuka tangazo

Hivi ndivyo tangazo linavyotoka likifuata Kiingereza hatua kwa hatua:

"Tahadhari abiria. Tunasikitika kuwajulisha kwamba ndege nambari XY mia nne kumi na saba kuelekea Nairobi imecheleweshwa kutokana na kuchelewa kuwasili kwa ndege inayoingia. Muda mpya unaokadiriwa wa kuondoka ni saa kumi na dakika kumi. Abiria wanaombwa kubaki katika ukumbi. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliosababishwa."

Saa ni sahihi, na bado tangazo halifai. Neno la kwanza linatisha: tahadhari ni ya mtu kujihadhari na jambo, moto au wezi. Sentensi ya pili ina pumzi mbili na nusu, na jina la Nairobi, ambalo ndilo watu wote wanaliwinda, limefika baada ya maneno kumi na mawili. Aliyekuwa anazungumza na simu hadi hapo hajui kama linamhusu. Saa haina jioni. Na ule "usumbufu wowote uliosababishwa" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Sasa lisuke upya ukianzia kwa msikilizaji. Kwanza aitwe kwa jinsi anavyojijua mwenyewe. Hakuna anayejiita abiria wa XY 417. Anajiita mtu wa Nairobi, wa ndege ya saa nane na kitu. Kwa hiyo saa ya zamani ina kazi hapa mwanzoni, kama utambulisho, na isirudi tena baada ya hapo. Saa mpya ndiyo iwe ya mwisho masikioni. Pili, wazungumzishe wao. "Abiria wanaombwa" ni kusema kuhusu watu waliokaa mbele yako. "Tunawaomba mbaki" ni kusema nao.

"Abiria mnaokwenda Nairobi, kwa ndege ya saa nane na dakika thelathini na tano mchana, tafadhali sikilizeni."

Hapo nyamaza kwa pumzi moja kamili. Watu wanatoa visikizi masikioni, wanawanyamazisha watoto.

"Ndege yenu, namba nne, moja, saba, itachelewa kuondoka. Ndege tutakayoitumia bado haijafika kutoka Nairobi. Mtaanza kuingia ndegeni saa tisa na nusu alasiri, mlango namba mbili. Tunatarajia kuondoka saa kumi na dakika kumi jioni. Tunawaomba mbaki hapa ukumbini. Narudia. Ndege ya Nairobi: kuingia saa tisa na nusu alasiri, kuondoka saa kumi na dakika kumi jioni. Tuwieni radhi kwa kuwachelewesha."

Namba ya ndege imesomwa tarakimu moja moja, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye tiketi na jicho la abiria linaifuata hivyo. "Mia nne kumi na saba" inamlazimu afanye hesabu kichwani. Herufi za shirika nimeziacha kwa kuwa saa, mji na namba zimetosha. Kama kuna ndege mbili za Nairobi zinazokaribiana, taja jina la shirika baada ya mji, kwa ukamilifu.

"Tunatarajia" nayo si pambo. ETD ni makadirio. Ukisema "itaondoka saa kumi na dakika kumi" umetoa ahadi ambayo Kiingereza hakikuitoa, na utadaiwa.

Kabla ya kuliweka hewani, lisome kwa mtu aliyekugeuzia mgongo. Asiangalie karatasi, asiangalie midomo yako. Ukimaliza muulize maswali mawili tu: uwe mlangoni saa ngapi, na mlango upi? Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo. Akijibu saa ya kuondoka badala ya saa ya kuingia, ujue sentensi hizo mbili zimekaribiana mno, uweke pumzi kati yake. Wahudumu wa usafi na wapagazi ni wasikilizaji bora kwa jaribio hili kuliko wenzako wa kaunta, ambao tayari wanajua jibu.

Saa ikibadilika mara ya pili

Hili hutokea, na ndipo tangazo zuri la kwanza linapoweza kukugeuka. Skrini sasa inasema 16:50. Kwa Kiswahili ni saa kumi na dakika hamsini. Tazama linavyofanana na lililotangulia: saa kumi na dakika kumi, saa kumi na dakika hamsini. Mwenye kusikia nusu atasema, "Ni ileile ya kumi," aendelee na chai yake. Wala usikimbilie "imesogezwa mbele", kwa kuwa wengine huelewa kwamba itaondoka mapema zaidi, na wengine kinyume chake. Sema kiasi kilichoongezeka:

"Abiria mnaokwenda Nairobi, ndege namba nne, moja, saba. Saa tuliyowatajia imebadilika. Ndege itachelewa dakika arobaini zaidi. Sasa tunatarajia kuondoka saa kumi na dakika hamsini jioni. Narudia, hamsini. Saa kumi na dakika hamsini."

Ukiwa na saa mpya ya kuingia, itangulize kama awali. Ukiwa huna, sema "Saa ya kuingia tutawatangazia", wala usiwaache wakiishikilia ile ya saa tisa na nusu. Na ile karatasi ya kwanza ichanwe mara hiyo. Zamu zikibadilishana, mwenzako atakayeikuta mezani ataisoma kwa moyo safi kabisa.

Kuingia ndegeni

Neno la vitabuni ni kuabiri, na ni neno sahihi, lakini "abiria waabiri" kwenye spika inasikika kama mtu amekwama ulimi. "Kuingia ndegeni" au "kupanda ndege" inaeleweka na kila mtu, wa Mji wa Kale na wa Kisumu. Kwa mahali pa kuingilia, watu husema geti. Tatizo ni kwamba geti ni pia lile la nje barabarani, wanapokaguliwa watu na magari. "Mlango namba mbili" unatosha, ukisema mara ya kwanza "mlango namba mbili wa kuingilia ndegeni". Sema "namba mbili", si "wa pili", maana wa pili utahesabiwa kutoka upande aliokaa msikilizaji.

Kuna maneno mawili ya kawaida yatakayokuletea foleni usiyoitaka. La kwanza ni "karibuni". Kiingereza kinasema kuingia kutaanza baada ya muda mfupi, nawe unasema "Tutaanza kuingia karibuni". Nusu ya ukumbi inasikia "Karibuni!" na inasimama. Taja dakika: "Mtaanza kuingia baada ya dakika kumi. Tafadhali mbaki mmekaa." La pili ni "mara moja", ambalo hutumika kutafsiri mwito wa haraka. Hapa Mombasa anayesema "natoka mara moja" anaaga kwa muda mfupi, na "mara moja" ni pia kipindi kimoja, si viwili. "Sasa hivi" haina utata huo.

Kuingia kwa makundi ni pale ambapo Kiingereza hujaza kila kitu kwenye sentensi moja: wenye watoto wadogo, wanaohitaji usaidizi, kisha safu za nyuma. Kata. Waite kundi moja, ungoje waingie, ndipo uite lingine. Na "watoto wadogo" uwaangalie. Kwetu mtoto wa darasa la tano bado ni mtoto mdogo, na familia nzima za harusi zitakuja mbele. Muulize msimamizi shirika linamaanisha nani, kisha useme hivyo:

"Abiria wa Nairobi, sasa tunaanza kuingia, mlango namba mbili. Tunaanza na wenye watoto wachanga, wazee, na wanaohitaji kusaidiwa kutembea. Wengine tafadhali mbaki mmekaa, tutawaita."

Kisha: "Sasa waje wenye viti vya safu ya kumi na tano hadi ishirini na nane. Shikeni mkononi pasi ya ndege na kitambulisho." Neno safu linaeleweka, ila si kila mtu anajua safu yake imeandikwa wapi. Ukiona watu wanageuzageuza karatasi, ongeza: "Angalieni namba ya kiti kwenye pasi yenu." Sentensi hiyo haimo kwenye Kiingereza, nami huiongeza bila aibu, maana haiongezi habari mpya, inasaidia ile iliyopo.

Mwito wa mwisho unabadilisha sauti. Hadi hapa tumekuwa tukisema "tunawaomba mbaki", "tafadhali mje", adabu ya mtu na wageni wake. FINAL CALL ikiwaka, adabu hiyo ikiendelea watu wataendelea kununua maji. Sasa ni amri, bado na tafadhali yake: "Huu ni mwito wa mwisho kwa abiria wa Nairobi, ndege namba nne, moja, saba. Mlango namba mbili unafungwa. Kama hujaingia, tafadhali njoo sasa hivi." Hapo nimehama kutoka wingi hadi umoja makusudi. Waliobaki ni wachache, na "njoo" inamgusa mmoja mmoja.

Ukipewa majina ya waliokosekana, tumia Bwana na Bi, jina zima, mara mbili, polepole. Soma jina kabla ya ujumbe. Majina ya hapa yanarudiarudia, na ukumbini wanaweza kuwemo akina Ali Mohamed watatu, kwa hiyo jina la tatu lisiachwe kama lipo. Mlango ukishafungwa, usitangaze tena jina la mtu. Atakuja mbio kwenye mlango ambao hautafunguliwa, na mlinzi ndiye atakayebeba lawama.

Ndege ya usiku wa manane

Limebaki jambo moja la saa ambalo mfano wa mchana haukuligusa. Chukua ndege iliyopangwa Jumamosi 23:30, ikasogea hadi 00:40. Kwenye skrini tarehe imebadilika, sasa ni Jumapili. Kwa Kiswahili ni saa sita na dakika arobaini usiku. Lakini usiku wa lini? Ukisema "Jumapili saa sita na dakika arobaini usiku", wengi wataelewa usiku wa kesho, baada ya kutwa nzima ya Jumapili, na mtu anaweza kuita gari arudi Bamburi kulala. Ukisema "Jumamosi usiku", mwenye kusoma skrini atabisha, na atakuwa na haki yake.

Lugha ilishalitatua hili zamani: "usiku huu wa kuamkia Jumapili". Hakuna anayelisikia akakosea. Kwa hiyo tangazo linakuwa: "Ndege yenu itachelewa. Tunatarajia kuondoka usiku huuhuu, saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumapili." Na kama tangazo linasomwa baada ya saa sita ya usiku, epuka "leo" na "kesho" kabisa. Aliyeamka kwenye benchi saa saba usiku bado yuko Jumamosi hadi jua litoke. Mtajie siku kwa jina lake, na saa, na kama ni asubuhi au usiku.